Mwongozo wa Kumsemesha Mvuvi wa Istanbul Kiswahili cha Mwanza Bila Kumtegua Taya

Hongera kwa kazi mpya. Mtu amekuletea kwenye flashi filamu fupi ya Kituruki, dakika 10 tu, inayomhusu mvuvi na mama yake, akakuomba uiingizie sauti za Kiswahili ili ioneshwe hapa Mwanza. Akaongeza ile kauli iliyowahi kufilisi mafundi wengi: "Kazi yenyewe ndogo, hawaongei sana." Nawe ukapiga hesabu kichwani. Dakika 10 za filamu, jioni moja ya kutafsiri, jioni ya pili ya kurekodi, jioni ya tatu unakula sato wa kuchoma Kirumba kwa malipo yako.

Usidhani wewe ni wa kwanza kuingia kwenye shimo hili. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, na Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake. Baadaye Azam TV ikatuzoesha masultani na mabinti wa Kituruki wanaogombana kwa Kiswahili fasaha kuliko cha majirani zetu. Na kabla ya hao wote, mabanda ya video yalikuwa na Lufufu, mtu mmoja aliyekuwa jambazi, polisi, mchumba na helikopta kwa wakati mmoja. Lufufu alikuwa na akili. Alisema juu ya filamu, hakujifanya kwamba maneno yanatoka mdomoni mwa mwigizaji, kwa hiyo hakuna aliyemdai midomo. Wewe umeahidi kwamba Mturuki mwenyewe atafumbua kinywa na Kiswahili kitoke. Ndiyo maana unahitaji mwongozo huu.

Kwa mafunzo tutumie tukio moja dogo, la kubuni lakini la kawaida kabisa. Kijana mvuvi wa Istanbul anarudi nyumbani alfajiri. Mama yake yuko jikoni. Wanasemezana mistari mitano, chini ya robo dakika. Ukiiweza mitano hiyo, filamu yote umeiweza. Ukishindwa, rudisha flashi mapema na useme imeingia virusi.

Hatua ya kwanza: tafsiri vizuri, kisha weka tafsiri yako kando

Tafuta mtu anayejua Kituruki, akupe maana sahihi ya kila mstari, pamoja na hali ya anayesema: amechoka, anadanganya, anaona aibu. Andika tafsiri sanifu, yenye upatanisho wa kisarufi ambao mwalimu wako wa sekondari angeupigia makofi. Jivunie kwa dakika tano. Kisha iweke kando, maana haitaingia kwenye kinywa cha mtu yeyote.

Sikiliza mstari wa kwanza. Kijana anaingia mlangoni na kusema "Anne, ben geldim", yaani "Mama, nimekuja". Tafsiri ni rahisi mno, hata unaona aibu kulipwa. Lakini iseme ukimtazama. Neno la Kituruki la mama, *anne*, hutamkwa kinywa kikiwa wazi mwanzo hadi mwisho. Neno letu linafumba midomo mara mbili. Kwa hiyo mtazamaji anamwona kijana amefumbua kinywa huku akisikia "ma-ma", sauti ambayo binadamu hawezi kuitoa bila kugusanisha midomo. Mtazamaji hatajua kosa ni nini. Atasema tu kwamba sauti "haikai", kisha ataanza kula karanga.

Tafsiri ya kwanza usiitupe, ni hati yako ya madai. Kila utakapoubadilisha mstari ili utoshe, utarudi kuiangalia uhakikishe kijana bado anasema jambo lilelile, hajageuka mchungaji au mgombea udiwani.

Hatua ya pili: zima sauti uwe mbea wa midomo

Sasa zima sauti, tazama picha peke yake, polepole, fremu kwa fremu. Unatafuta vitu vitatu, na kwa bahati njema ni vitatu tu, kwa sababu jicho la mtazamaji halijui kusoma herufi zote.

Cha kwanza ni midomo inapofumba: *p*, *b* na *m*. Hizi ni herufi za mahakamani. Kwa jicho hazina tofauti, kwa hiyo *b* ya Kituruki unaweza kuilipa kwa *m* au *p* ya Kiswahili na hakuna atakayekudai chenji. Hata *mb* ya "mbona" ni halali. Cha pili ni midomo inapoviringika, kama kwenye *o* na *u*. Cha tatu ni kinywa kinapoanza kusema na kinaponyamaza. Herufi nyingine, *k*, *t*, *s*, *n*, *l*, zinafanyika ndani gizani ambako kamera haifiki. Hapo una uhuru mkubwa.

Kisha andika uso unaonekanaje. Uso ukiwa karibu, umejaa skrini, deni ni lote. Mtu akionekana kuanzia kiunoni, deni ni nusu. Akiwa mbali mtumbwini, lipa mwanzo na mwisho tu. Akikupa mgongo, huna deni la midomo kabisa, una deni la urefu peke yake. Mwigizaji mwenye masharubu mazito ni msaada mkubwa: mdomo wa juu hauonekani, na nusu ya makosa yako yanajificha kwenye nywele. Bahati mbaya kijana wetu amenyoa.

Ukimaliza utakuwa na karatasi kama hii. Herufi kubwa zinaonesha midomo inapofumba, na tarakimu mbili za mwisho za muda ni fremu, zikiwa 25 kwa sekunde.

```
KUANZA       KUISHA       USO      ASILI
00:03:12:05  00:03:13:10  karibu   an-ne Ben gel-diM
00:03:13:20  00:03:15:10  mgongo   hoş gel-din oğ-luM
00:03:16:00  00:03:17:00  nusu     Ba-lık var Mı
00:03:21:00  00:03:22:05  karibu   Bu-gün de-niz Boş
00:03:24:10  00:03:25:15  karibu   tek-ne-yi sat-tıM
```

Maana zake, kwa mpangilio: "Mama, nimekuja." "Karibu, mwanangu." "Samaki wapo?" "Leo bahari tupu." "Mashua nimeiuza." Mtu mwenye haraka ataona mistari hiyo imeshatafsiriwa na kazi imekwisha. Mtu huyo usimpe maikrofoni.

Hatua ya tatu: hesabu silabi kwa vidole, hadharani, bila haya

Urefu wa mstari haupimwi kwa maneno wala herufi. Unapimwa kwa silabi, na silabi zetu zina tabia zake. Kiswahili kinapenda kumaliza neno kwa irabu, kinywa kikiwa wazi, wakati Mturuki anaweza kumaliza kwa *m* akafumba na kunyamaza. Ukimpa neno linaloisha kwa *a* ndefu, sauti yako itabaki hewani huku yeye ameshafunga mdomo, kama mgeni aliyeaga halafu akarudi kuchukua mwavuli. Tabia ya pili ni ile *m* inayosimama peke yake. "Mtoto" ina silabi tatu, si mbili, na ya kwanza inafumba midomo kabla hujasema lolote. Ukiweka "mtoto" mwanzo wa mstari unaoanza na kinywa wazi, umejiandikia kosa kwa mkono wako.

Usiamini pia kwamba mstari wa silabi tano lazima ulipwe kwa silabi tano. Mfano ni mstari wa nne, ambao tutaufikia. Kuna nafasi ya silabi moja zaidi au pungufu, mradi zile za kufumba zitue mahali pake.

Hatua ya nne: ingia mdomoni mwa watu

*Mstari wa kwanza, uso karibu.* Tumeshaona "Mama, nimekuja" haiwezekani. Midomo ya kijana iko wazi kwa silabi mbili, inafumba kwenye ya tatu, inafunguka, kisha inafumba tena mwisho kabisa. Sasa jiulize jambo ambalo mfasiri wa vitabuni hajiulizi: kijana wa Mwanza akiingia kwa mama yake alfajiri anasema nini kwanza? Hasemi amekuja. Mama ana macho. Anasema "Shikamoo, ma."

Hesabu: shi-ka-mo-o-ma, silabi tano. Mbili za kwanza kinywa wazi. *Mo* inatua juu ya *ben* sawasawa. *Ma* inaangukia kwenye *dim*. Kasoro ni moja: kijana anafumba midomo mwishoni mwa *dim*, ilhali *m* yako iko mwanzoni mwa *ma*, kwa hiyo sauti itatangulia kidogo. Mwambie anayesoma aivute "moo" kama mtu aliyekesha majini, au ikate *ma* kwenye kompyuta uicheleweshe fremu tatu au nne. Baada yake kuna ukimya, haitagongana na kitu. Habari ya kwamba amekuja imepotea kwenye maneno, lakini picha inamwonesha akivua mabuti mlangoni. Kinachoonekana hakihitaji kusemwa, na hiyo ndiyo akiba yako ya kwanza unapokosa nafasi.

*Mstari wa pili, mgongo.* Mama anakoroga chungu, hatumwoni uso. Furahi. Una fremu 40, sekunde moja na sehemu sita za kumi, na hakuna polisi wa midomo. "Marahaba, mwanangu" ina silabi saba na inakaa kwa raha. Wenye tamaa wataongeza: "Marahaba mwanangu, karibu, pole na baridi." Wataisoma mbiombio hadi mama aonekane anafukuzwa. Mgongo ni mahali pa kuweka neno ulilolikosea nafasi kwingine, usiugeuze stoo. Angalia pia bega lake. Mtu akisema, bega na shingo vinatikisika kidogo, na sauti ikiendelea baada ya bega kutulia, mtazamaji atadhani kuna mtu wa tatu chini ya meza.

*Mstari wa tatu, nusu.* Huu ndio mtego wa mafundi hodari. "Balık var mı" inafumba silabi ya kwanza na ya nne. Ukikaa nao utagundua kwa furaha kubwa kwamba "Pana samaki?" inafumba silabi ya kwanza na ya nne. Utainuka kwenye kiti. Utampigia mtu simu. Kisha nenda mwaloni Kirumba asubuhi, dagaa wakiwa wanaanikwa, usikilize kama kuna mama hata mmoja anayemuuliza mwanawe "Pana samaki?" Hakuna. Wanauliza "Umepata?" na hilo ndilo swali.

"Umepata?" ina silabi nne kama ile ya Kituruki, lakini inafumba ya pili na ya tatu. Kwenye karatasi ni kosa. Kwenye skrini mama yuko nusu, ameinamisha kichwa, mwanga unatoka nyuma yake. Chukua "Umepata?" bila kuangalia nyuma. Jicho la mtazamaji husamehe midomo kuliko sikio lake linavyosamehe maneno: akisikia Kiswahili kisichosemwa na mtu, atakumbuka kwamba anaangalia filamu iliyoingizwa sauti, na kuanzia hapo atakuwa anakukagua.

*Mstari wa nne, uso karibu.* Huu ndio moyo wa tukio. Kijana anamtazama mama yake na kusema "Bugün deniz boş". Midomo inafumba na kuviringika mwanzoni kwenye *bu*, inabaki imeviringika kwenye *gün*, inatanuka kwenye *deniz*, kisha inafumba na kuviringika tena kwenye *boş*. Mstari una fremu 30, kila silabi ya Kituruki fremu sita, na *boş* inaanza kwenye fremu ya 24.

Jaribio la kwanza: "Leo bahari tupu." Silabi saba, inaanza kinywa wazi mahali anapofumba, na *ba* inafumba katikati mahali alipotanua. Kosa mwanzo, kosa katikati.

Jaribio la pili: "Mungu hajatupa." Tamu sana mwanzoni. *Mu-ngu* inakaa juu ya *bu-gün* kana kwamba lugha hizi zilikaa kikao. *Pa* nayo inatua juu ya *boş*. Tatizo ni wapi? Kwanza, kijana hakumtaja Mungu, na mwongozaji wa filamu anaweza kuwa na neno juu ya hilo. Pili, sehemu ya watazamaji itasikia kwamba Mungu hajatutupa, wafurahi, wakati kijana anakaribia kulia.

Jaribio la tatu: "Bure. Leo kutupu." Midomo iko sahihi mwanzo na mwisho, lakini ni silabi saba ndani ya fremu 30. Inawezekana kuisema, makonda wa daladala za Igoma husema zaidi ya hapo kwa pumzi moja. Ila huyu ni mtu aliyekesha bila kupata samaki, na aliyechoka hana kasi ya konda.

Jaribio la nne: "Bure, leo tupu." Silabi sita, fremu tano kila moja. *Bu* juu ya *bu*. *Re* na *le* zinatanua midomo karibu na pale *deniz* inapotanua. *Pu* inafumba na kuviringika kama *boş*, na inaanza fremu ya 25 badala ya 24. Umechelewa kwa fremu moja, na hilo si kosa, kama utakavyoona mbele kidogo. Bahari haikutajwa, lakini tumemwona kijana majini tangu dakika ya kwanza. Andika mstari huo, kisha nenda kanywe maji.

*Mstari wa tano, uso karibu.* "Tekneyi sattım": mashua, nimeuza. Kituruki huweka kitenzi mwisho, na mwigizaji mzuri hupanga uso wake kufuata kitenzi. Kijana anaangusha macho kwenye *sattım*, na mama anageuka mara tu baada yake. Ukiandika "Nimeuza mashua", habari mbaya inatoka wakati kijana bado ana uso wa kawaida, kisha anaangusha macho kwa ajili ya neno "mashua", kana kwamba mashua ndiyo aibu. Kwa bahati njema Kiswahili hakina kinyongo na mpangilio huo: kitu kwanza, kitenzi baadaye. Kinachobaki ni kutafuta chombo kisichofumba midomo. Boti inafumba. Mashua inafumba. Mtumbwi unafumba mara mbili kabla haujaelea. Dau halifumbi. "Dau nimeuza": silabi sita, kitenzi mwisho, macho yanaanguka kwenye "-uza". *Me* inafumba kabla ya wakati na mwisho unabaki wazi, kwa hiyo mstari huu unapata alama sita kati ya kumi. Zikubali. Mfasiri anayetaka kumi kila mstari bado hajamaliza filamu yake ya kwanza.

Hapa patatokea mshauri. Atakwambia ubadilishe samaki pia, uweke sangara ili watu wa kanda ya ziwa wajisikie nyumbani. Usikubali. Sangara ni samaki wa maji baridi, na kijana wetu anavua baharini. Wachuuzi wa Kirumba watalitambua kosa hilo kabla hujamaliza kuwasha projekta. Filamu ikionesha *hamsi*, wale wadogo wa fedha wanaokaangwa wazima, sema dagaa kwa amani. Watu wa pwani na Zanzibar huwaita samaki wa jamii hiyohiyo dagaa, ingawa dagaa wa Ziwa Viktoria ni wa ukoo mwingine kabisa. Hapo umesema kweli, na umeeleweka.

Hatua ya tano: kurekodi katika jiji lililojengwa juu ya mawe

Studio bora ni chumba kisicho na dirisha, chenye magodoro ukutani na blanketi mlangoni. Mwanza ni jiji la miamba na sauti hugonga mwamba ikarudi, kwa hiyo usishawishike na yule rafiki mwenye nyumba nzuri ya Capri Point, yenye sakafu ya vigae na vioo vikubwa vinavyotazama ziwa. Mandhari yake yatakupendeza, lakini mvuvi atasikika yuko ndani ya tangi. Kabati lililojaa nguo lina sauti nzuri zaidi, na halina kodi. Kuhusu paa la bati, fuatilia mawingu: mvua ikianza, pumzika, hakuna kipaza sauti kinachobishana na bati.

Kabla ya kurekodi mwombe mwenye filamu akupe faili la sauti lenye muziki na vishindo peke yake, bila maneno. Ukikosa hilo, utakapofuta maneno ya Kituruki utafuta na mawimbi, chungu na mlango uliofungwa nyuma ya kijana. Hapo itabidi uvirekodi upya vyote. Chungu utakipata. Mawimbi ya ziwa yatakubali kuigiza ya bahari. Lakini ukienda kuyarekodi ufukweni, sikiliza kwanza kama nyuma yake hakuna bodaboda inayopiga honi ya taarabu.

Anayesoma asimame, avae spika za masikioni, asikie mstari wa Kituruki, kisha milio mitatu iliyo sawa kwa nafasi, na aanze pale mlio wa nne ungekuwa. Mpe mstari mmoja mmoja. Usimwambie "fuata midomo", maana ataikodolea macho, ataacha kuigiza na atasoma kama anayetangaza vifo. Mwambie apumue pale kijana anapopumua, na pumzi hiyo uirekodi. Uso unaovuta hewa kimyakimya kisha ukasema humfanya mtazamaji ahisi anasikiliza redio.

Sasa ile fremu moja ya mstari wa nne. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake BT.1359 la mwaka 1998, lilieleza kwamba watazamaji huanza kutambua sauti inayotangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, lakini inayochelewa hawaitambui hadi ifike kama 125. Fremu moja ni milisekunde 40. Ukitangulia, una ruhusa ya fremu moja. Ukichelewa, una tatu. Si ajabu, kwa sababu maishani tumezoea kumwona mtu wa ng'ambo ya pili akigonga nyundo kabla ya kusikia mlio wake, na hakuna aliyewahi kusikia mlio kabla ya nyundo. Kwa hiyo ukiwa na shaka chelewesha sauti, usiitangulize. Huu ndio wakati pekee katika ajira yako ambapo kuchelewa ni sifa.

Hatua ya sita: peleka kesi kwa mahakimu wasiojua kwamba ni mahakimu

Usiwaoneshe wasanii wenzako. Watakusifu, na watakuomba nafasi kwenye filamu ijayo. Waoneshe watu ambao hawajaambiwa filamu ni ya Kituruki, na wewe usitazame skrini. Tazama nyuso zao. Mtu anayesikia hadithi hutazama macho ya mwigizaji. Sauti ikipishana na picha, macho yake hushuka hadi kwenye mdomo, na ukiliona hilo andika muda palepale. Wakicheka kwenye "Dau nimeuza", tatizo si midomo. Ni sauti ya msomaji wako, au neno, na itabidi uulize walisikia nini.

Kwa kila mahali ulipoandika muda, tibu kwa mpangilio huu bila kuruka. Kwanza sogeza sauti fremu moja au mbili, maana hiyo haina gharama. Ikigoma, rekodi upya kwa mwendo tofauti, ukivuta silabi moja na kubana nyingine, kama tulivyoivuta "moo". Ikigoma tena, badilisha neno moja, lile tu linalofumba mahali pabaya. Ikigoma bado, andika mstari mpya kabisa kutoka kwenye ile tafsiri yako ya hatua ya kwanza, ambayo natumaini hukufungia karanga.

Na ikishindikana kabisa, muulize mwenye filamu kama alipiga tukio hilo kwa kamera nyingine, iliyosimama nyuma ya kijana. Mara nyingi ipo. Mwambie kwa sauti ya mtaalamu kwamba kisanii ingependeza zaidi tukimwona mama akipokea habari kuliko kijana akiitoa. Atakubali, atakushukuru kwa jicho la kisanaa, na kijana atasema Kiswahili chochote unachotaka akiwa amekupa kisogo.